Sita Nukta Nne ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipata sita nukta nne, mimi nikapata nane nukta mbili. Kwenye sukari mwenye namba ndogo ndiye mshindi, kwa hiyo siku ile alinishinda mbele ya benchi zima la wagonjwa, na muuguzi akamwambia asimame watu wamwone.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimesahihisha madaftari ya watoto wa watu kwa zaidi ya miaka ishirini na tano, na yeye aliishia darasa la saba, akaolewa Ilemba, bondeni kwenye joto na mpunga. Ninajua kupima chakula kwa kikombe. Nina daftari la mistari ambamo naandika sukari yangu ya asubuhi na ya saa mbili baada ya kula, kwa kalamu ya bluu, na nyekundu ikizidi. Yeye hana hata kalamu. Sasa niambie, hapo mtu hasikii wivu? Niliusikia, tena ulinikaa kifuani kama ugali uliomezwa bila mboga.

Wivu wenyewe haukuanzia kliniki, nisije nikaisingizia kliniki. Tulipokuwa watoto mimi ndiye niliyechota maji, yeye ndiye aliyesifiwa kwa kucheka vizuri. Mama yetu, ambaye sasa ni mzee na anaishi kwangu Malangali, hapahapa mjini Sumbawanga, anakula kwangu, analala kwangu, namuogesha mimi, lakini gari la Ilemba likichelewa anakaa mlangoni kuulizia mwanawe. Mwanawe ni yule. Mimi sijui ni nani, labda mpangaji.

Sukari tumeirithi kwa baba, wote wawili. Mimi ilinianza kwanza, kwa hiyo nilijiona mkubwa hata katika ugonjwa. Mimi ndiye niliyempeleka mdogo wangu kliniki mara ya kwanza, hapa Sumbawanga, nikamwonyesha pa kuweka kadi, pa kupimwa uzito, na benchi lenye jua. Asubuhi za huku juu ni baridi, na kwenye benchi la kivulini unaweza ukakaa na koti na kitenge na bado ukatetemeka.

Muuguzi wa kliniki ile ni mwanamke mfupi, mkali, asiyedanganyika. Alikuwa anajua wizi wetu wote. Maana zamani tulikuwa tunaiba mtihani: zikibaki siku mbili kabla ya kliniki, mtu anaacha ugali, anakula majani ya maboga na maji, anatembea kwa miguu hadi hospitali, anachomwa kidole, inatoka saba. Anapongezwa. Jioni anarudi nyumbani kufidia. Nilifanya hivyo hata mimi, mwalimu mzima, mwenye kuwachapa watoto kwa kunakili.

Halafu kikaja kipimo cha miezi mitatu. Jina lake la maabara ni refu, sisi tuliliita kipimo kikubwa. Siku ya kwanza muuguzi alisimama mbele yetu akauliza nani nyumbani kwake bado ananing'iniza mahindi ya mbegu juu ya jiko. Tulicheka, karibu wote tulinyoosha mikono. Huku Ufipa mahindi ya mbegu yanakaa juu ya moto, moshi unayapaka masizi, wadudu hawayagusi.

"Basi," akasema, "damu yako ina chembe nyekundu, na ndani ya kila chembe kuna kitu kinaitwa himoglobini. Ndiyo hayo mahindi. Sukari ndiyo moshi. Sukari iliyo kwenye damu inaganda kwenye himoglobini, na ikishaganda vizuri haibanduki mpaka chembe yenyewe ife. Chembe inaishi kama miezi minne. Kwa hiyo mimi sihitaji kukuvizia nyumbani. Naangalia tu katika himoglobini yako yote, ni asilimia ngapi imeshika masizi. Nane maana yake nane katika mia. Ukishinda njaa jana na juzi utapunguza moshi wa jana na juzi, lakini masizi ya tangu mwezi juzi utayafuta na nini?"

Mzee mmoja wa nyuma alisema, "Basi tumekwisha." Watu wakacheka, ila cheko la kujihami.

Ukutani palikuwa na karatasi aliyoandika kwa mkono, yenye namba za kipimo kikubwa upande mmoja na upande wa pili wastani wa sukari unaolingana nazo kwenye mashine zetu za kidole. Sita ni kama wastani wa saba. Saba ni kama nane na nusu. Nane ni kama kumi na kidogo. Tisa inakaribia kumi na mbili. Wastani, alirudia, wa mchana na usiku, wa kabla ya kula na baada ya kula, na wiki za karibuni zina uzito kuliko za zamani. Niliinakili karatasi ile kwenye daftari langu. Siku hiyo mdogo wangu alikuwa na tisa nukta nane, mimi nane nukta tano. Niwe mkweli, nilirudi nyumbani nimenenepa kwa raha.

Baada ya hapo aliumwa. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, siku zake zikija haziishi, na hakumwambia mtu kwa sababu ya aibu. Alikuwa amepauka hata viganja. Ikafika siku akaanguka shambani, wakamlaza katika hospitali ya huko bondeni, damu ikawa imekwisha. Waliomba ndugu wachangie. Mume wangu alishuka na gari la mizigo, akachangia, ndugu wawili wa shemeji yangu wa Ilemba wakachangia, na mdogo wangu akaongezewa chupa tatu. Akapewa na vidonge vya kuongeza damu vya miezi kadhaa. Mimi sikuchangia, kwa sababu natumia insulini na walinikatalia. Nilibaki na mama aliyekuwa analia jina la mwanawe.

Miezi miwili baadaye akapanda kliniki. Yeye anakuja kila baada ya miezi mitatu kwa sababu ya umbali, na anafikia kwangu. Alikuja ana rangi, ana mashavu. Hakumwambia muuguzi habari za damu, kwani hapa umekuja kwa ajili ya sukari, mambo ya kizazi ni ya kwingine, tena daktari wa kliniki ni mwanaume na ni kijana. Hata mimi niliyekuwa najua sikufikiria kulisema. Nilidhani damu ni damu.

Asubuhi ile kidole chake kilisoma kumi na moja. Muuguzi alimtazama, naye akacheka kile kicheko chake, akasema ni chai ya njiani, dereva alisimama, akashawishika. Yakaja majibu ya maabara: sita nukta nne. Kutoka tisa nukta nane! Muuguzi alisahau kile kidole palepale. Kipimo kikubwa ndicho kisichodanganywa, si ndivyo alivyotufundisha?

"Mama wa Ilemba, simama. Waeleze wenzako umefanyaje."

Akasimama. "Uji wa ulezi," akasema, "bila sukari. Na namwomba Mungu."

Uji wa ulezi! Ule uji ninaoupika mimi, kwa ulezi wangu, nikamfundisha mimi. Wagonjwa wenzake waliuandika hata kwenye makaratasi. Daktari akaona namba iko chini, akahofia sukari isije ikashuka akaanguka, akampunguzia insulini ya jioni karibu nusu. Mimi nikaitwa na nane nukta mbili yangu. Muuguzi aliniambia, kwa upole ulionichoma zaidi, "Mwalimu, ungemuiga mdogo wako."

Nyumbani mama alisimuliwa. Mama alipiga kigelegele kwa kinywa kisicho na meno, kisha akanigeukia. "Wewe kinachokushinda ni nini?"

Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Miezi miwili hivi ikapita, mtoto wangu wa mwisho akapata kipaimara. Mdogo wangu akapanda na jogoo wawili na mchele wa Ilemba, na wageni wote wakala mchele wake wakausifia, maharage yangu hakuna aliyeyataja. Niliona anakunywa maji sana. Jagi zima, peke yake, na bado anaomba. Alisema macho yana ukungu, vumbi la njiani labda.

Kesho yake asubuhi, kabla ya chai, nilimwambia, "Lete kidole." Sikumwambia kwa wema. Nilitaka kuona.

Mashine ikahesabu, ikaandika kumi na sita nukta nane.

Nitasema kilichotokea moyoni mwangu kama kilivyotokea. Nilifurahi. Furaha ilinipanda hadi masikioni. Mtu hajala kitu tangu jana jioni na ana kumi na sita nukta nane! Nikajua sita nukta nne ina uongo mahali fulani, sijui wapi, na kwamba ipo siku ataumbuka palepale aliposimama.

"Ngapi, dada?" Alikuwa amekunja macho, anaiangalia mashine, haoni namba.

Nikaibonyeza ikazimika. "Imegoma," nikasema. "Betri."

"Hata mashine imenichoka jamani." Akacheka. "Achana nayo. Mimi nina sita nukta nne yangu, inanitosha."

Kama asingelisema hilo neno la mwisho, pengine ningemwambia. Pengine. Nilikuwa na simu, nilikuwa na vocha, na kliniki yake ilikuwa bado wiki tano. Kila Jumapili tuliongea, nikamsalimia, nikamuuliza mvua na mpunga. Wiki ya pili akasema ana kidonda kidole cha mguu, ndala imemchubua. Nikamwambia akikande kwa maji ya moto na chumvi asiache. Sikumwambia kumi na sita nukta nane. Nilikuwa naitunza. Nilitaka aisikie kwa muuguzi, mbele ya benchi.

Wiki ya tano akashuka kwenye gari anachechemea. Mguu aliufunga na kanga. Alikuwa amekonda, midomo imekauka, na kwenye mfuko wa plastiki alikuwa amekusanya kila dawa iliyokuwa nyumbani kwake, maana alihisi watamlaza. Mama alimshika mguu akaanza kulia, na kwa mara ya kwanza mimi niliogopa. Niliogopa kidogo tu. Bado nilibeba mashine yangu kwenye mkoba.

Kliniki, kidole chake kikasoma ishirini na mbili. Muuguzi akarudia kwa mashine nyingine, ishirini na mbili tena. Akafungua kadi, akaiona sita nukta nne, akakunja uso.

"Kidonda kinapandisha sukari," akasema, "lakini hii ni nyingi mno kwa mtu wa sita nukta nne. Dawa unameza? Nionyeshe."

Akamwaga ule mfuko mezani. Vikatoka vidonge vya sukari, chupa ya insulini, panado, na pakiti za vidonge vyekundu. Muuguzi alizishika hizo pakiti.

"Hizi za kuongeza damu unatumia tangu lini?"

Mdogo wangu akaangalia chini. Nikajibu mimi, kwa sababu hakuna mwingine wa kujibu na kwa sababu napenda kujibu. "Alipungukiwa damu akaongezewa chupa tatu. Miezi kama miwili kabla ya kile kipimo kikubwa. Mume wangu alichangia."

Muuguzi aliweka pakiti chini taratibu. Niliona uso wake unabadilika, na hakuwa amemkasirikia mtu, alijikasirikia mwenyewe.

"Sikuuliza," akasema. "Na wewe mama hukuniambia. Haya, mnakumbuka mahindi ya juu ya jiko? Mtu ametundika mahindi yake, yamepungua kwa kuibiwa kila mwezi, akaletewa ya jirani meupe akayaning'iniza. Mimi nikaja kuangalia masizi. Nitaona nini? Nusu ya yale mahindi hayajawahi kuona moshi wake. Hiyo ni damu ya watu wasio na kisukari. Halafu vidonge hivi vinafanya mwili utengeneze chembe mpya kwa wingi, nazo ni changa, hazijapata muda wa kushika sukari. Na anayevuja damu kila mwezi chembe zake haziishi miezi minne, zinatoka kabla. Kwa hiyo namba inashuka na sukari iko palepale."

"Na ile tisa nukta nane ya kwanza?" nikauliza. Ualimu hauishi.

"Nayo haikuwa safi. Mtu akikosa madini ya chuma bila kupata tiba, mwili hautengenezi chembe mpya inavyotakiwa, zilizopo zinazeeka humohumo, zinabeba masizi zaidi. Inaweza kupanda kuliko ukweli. Upungufu wa damu unadanganya pande zote mbili, inategemea ni wa aina gani na umetibiwaje. Kwa mtu kama huyu karatasi yangu ya ukutani haina kazi. Tunarudi kwenye kidole, asubuhi na baada ya kula, kila siku, mpaka damu yake itulie miezi kadhaa."

Yaani haikuwa sita nukta nne yake. Haikuwa uji wa ulezi. Mume wangu alishuka bondeni kutoa damu kwa ajili yake, na damu ya watu ndiyo iliyosifiwa mbele ya benchi. Ninaandika hili leo na bado nasikia ile raha mbaya ikinipanda, iwe ni dhambi.

Muuguzi alikuwa ameanza kufungua ile kanga. Kidole kidogo cha mguu kilikuwa cheusi pembeni. "Nahitaji kujua sukari imekuwa juu tangu lini," akasema. "Kama imepanda kwa sababu ya kidonda ni jambo moja. Kama ilikuwa juu kabla, basi ile insulini tuliyopunguza ndiyo iliyotufikisha hapa, na kidonda kimekuta mwili umeshachoka. Hakuna aliyempima nyumbani?"

Hapo ndipo saa yangu ilipofika, niliyoisubiri wiki tano. Benchi lilikuwa limejaa, mlango wazi, wote wanasikia. Nikafungua mkoba.

"Mimi nilimpima," nikasema. "Kumi na sita nukta nane, kabla ya chai. Kidonda kilikuwa hakijatokea. Iko humu kwenye mashine."

Nilimpa. Sijui nilitegemea nini. Labda aniambie, mwalimu, umefanya vizuri. Muuguzi akabonyeza kurudi nyuma, asubuhi zangu moja moja, saba, nane, saba na nusu, mpaka akaifikia. Mashine ile haitunzi namba peke yake. Inatunza na tarehe na saa. Ndiyo sababu niliinunua.

Akaisoma kwa sauti, tarehe yote. Kisha akahesabu kwa vidole. "Hii ni ya wiki tano zilizopita."

Mdogo wangu alikuwa ameinua uso, na nilimwona anahesabu na yeye, pole pole, anarudi hadi asubuhi ya baada ya kipaimara.

"Ulisema imegoma," akasema.

Niliangalia ile mashine mkononi mwa muuguzi, na muuguzi aliiweka mezani kwa uangalifu, ubavuni mwa vile vidonge vyekundu, akainuka kwenda kumwita daktari.

Walimlaza wiki tatu. Insulini ikarudishwa, ikaongezwa. Kidole kidogo cha mguu kilikatwa, mguu ukabaki. Uvimbe ulishughulikiwa baadaye, na akapona kuvuja. Nilimpelekea uji kila asubuhi, ulezi bila sukari, na aliunywa wote, akarudisha kikombe, akasema asante dada. Hakunigombeza. Wala hakumwambia mama. Mama hadi leo anadhani ni ndala.

Bado anafikia kwangu siku moja kabla ya kliniki. Ana miwani sasa, na ana mashine yake mwenyewe, mpya kuliko yangu, anaijua vizuri. Lakini asubuhi, kabla ya chai, anaiacha ndani ya begi. Anakuja jikoni, anakaa kwenye kigoda chini ya yale mahindi ya mbegu, ananinyooshea kidole. Ninamchoma. Mashine inahesabu. Anavaa miwani, anaitazama ile namba, ameshaiona, najua ameshaiona.

"Soma, dada," ananiambia.

Na mimi ninamsomea.